Kabla ya kufundisha -na-, chagua vitenzi

Walimu wengi tunaofundisha wageni Kiswahili huanza somo la -na- kwa "simama" na "kaa", kwa kuwa ni amri nyepesi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo somo linapoharibika. Mtu akishainuka, amesimama. Hakuna kinachoendelea tena. Mgeni atamtazama mwenzake aliyetulia kitini aseme "anakaa", na huwezi kumsahihisha bila kuingia kwenye -me-, ambayo kipindi cha dakika 40 hakiwezi kuibeba pia. Kuvaa na kushika ni yaleyale: mwenye kalamu mkononi ameishika. Hata "fungua mlango" sipendi, maana mlango huwa ushafunguka kabla sentensi haijaisha.

Mimi huchukua vitenzi vinavyochukua muda: kuandika, kufuta, kusoma, kuchora, kuhesabu, kutembea na kunywa. Basi.

Dakika 5 za mwanzo nafanya peke yangu. Nafuta ubao taratibu huku nikisema "Ninafuta ubao", na mkono hausimami mpaka nimalize kusema. Dakika 10 zinazofuata ni za amri. Namwambia mmoja, "Chora nyumba," kisha nawageukia wengine: "Anafanya nini?" Jibu lazima litoke angali anachora. Akiwahi kumaliza, namwambia aongeze madirisha.

Baada ya hapo, dakika 5 za ubaoni: ni-na-chora, u-na-chora, a-na-chora. Umoja tu, wingi utakuja kesho. Hapa kunywa kunataka uangalizi, kwa sababu ku- yake haiondoki: anakunywa. Atakayesema "ananywa" amefuata kanuni niliyomfundisha mwenyewe, kwa hiyo namrekebisha tu na kuendelea.

Dakika 15 ni za wawiliwawili, na ndizo zinazochezewa vibaya kuliko zote. Kumuuliza mwenzako "Unafanya nini?" na unamwona anaandika ni kupoteza pumzi. Kwa hiyo mmoja anaupa ubao mgongo, wa pili anautazama. Mbele kuna mwanafunzi wa tatu anayetenda. Asiyeona anauliza, "Anasoma?" Anayeona anajibu, "Hapana, anahesabu vitabu." Asiyeona naye anafanya vivyo hivyo mezani kwake, na mwishoni anageuka kuhakikisha kama aliambiwa sawasawa. Baada ya vitendo vitatu au vinne wanabadilishana. Siruhusu jibu la "hasomi" liingie: -na- inapotea na irabu ya mwisho inageuka, na anayeanza atadhani amejifunza kitu ambacho hakipo.

Dakika 5 za mwisho kila mtu anaandika sentensi tatu juu ya anachokiona dirishani. Kwenye madaftari hutokea "mlinzi anasimama getini", hata kama kitenzi hicho sikukitaja kipindi kizima. Naandika "amesimama" juu yake bila maelezo, na madaftari hayo ndiyo ninayoanza nayo kipindi cha -me-.