Sonona imepungua, majonzi yamebaki: tuongeze dozi au tubadili tiba?

"Nina mgonjwa wa miaka 54 aliyefiwa na mkewe miezi 16 iliyopita. Kwa wiki 10 nimempa sitalopramu miligramu 20. Sasa analala na anakula, lakini kila akija kliniki habari ni ya marehemu tu. Niongeze dozi, au nilikosea tangu mwanzo na haikuwa sonona?"

Huenda hukukosea. Inaelekea alikuwa na matatizo mawili kwa wakati mmoja: dawa imepunguza moja, na lililobaki si lile ambalo dawa hiyo hulimudu. Ila usiamue hivyo kwa kuhesabu dalili peke yake, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopotea.

Orodha za dalili zinagongana. Ili kusema mtu ana sonona tunatafuta dalili tano kati ya tisa kwa muda usiopungua wiki mbili, na mojawapo iwe huzuni au kukosa raha ya mambo. Ugonjwa wa majonzi yaliyorefuka, ambao Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, na Wamarekani wakauingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili, DSM-5-TR, mwaka 2022, una shina moja: hamu kali ya kuwa na marehemu, au mawazo yasiyomwachia mfiwa nafasi ya kuwaza kingine. Juu ya shina hilo DSM-5-TR inataka angalau dalili tatu kati ya nane. Nazo ni kuhisi sehemu ya nafsi yako imekufa, kutoamini kwamba kifo kimetokea, kukwepa vitu vinavyomkumbusha, uchungu mkali, kushindwa kurudi kwenye maisha, ganzi ya hisia, kuona maisha hayana maana, na upweke mzito. Hali hiyo iwe ya karibu kila siku kwa mwezi mzima uliopita, ipite kile ambacho jamii na dini ya mfiwa hukiona cha kawaida, na imzuie kuishi.

Ukizitazama dalili hizo utaona kwamba ganzi, kukosa maana, upweke na kujitenga zinaweza kuingia pande zote mbili. Mtu akijibu "ndiyo" kwa swali la "Je, unaona maisha hayana maana?", bado hujajua lolote. Kinachotofautisha ni mahali maumivu yanapoelekea. Kwa hiyo kila "ndiyo" ifuatiwe na swali la pili.

Tumpe mgonjwa wako sura, kwa maelezo niliyoyatunga kwa ajili ya kufundishia.

Muulize kuhusu raha: "Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini, na nini kilifuata?" Anajibu kwamba wiki iliyopita mjukuu wake alivaa viatu vya babu akaanza kutoa amri, naye akacheka kweli. Kisha akageuka amweleze mkewe. Machozi yakamjia papo hapo. Jibu hilo lina uzito. Mtu aliyezama kwenye sonona kwa kawaida angesema hakuna kinachomchekesha, hata mjukuu hamgusi. Huyu uwezo wa kufurahi anao, ila kila furaha inamwonyesha kiti kilicho wazi.

Muulize kuhusu lawama: "Unajilaumu kwa lolote? Ni jambo gani hasa?" Mwenye sonona mara nyingi hujiona hafai kwa ujumla: baba mbaya, mfanyakazi mbovu, mzigo kwa watu. Mgonjwa wetu ana lawama moja yenye saa na mahali. Usiku wa mwisho wauguzi walimwambia aende nyumbani akapumzike, akaenda, na mkewe akafariki alfajiri. Ukimuuliza kuhusu kazi yake au watoto wake, hajidharau.

Muulize anachokwepa: "Kuna mahali, kitu au shughuli ambayo tangu afariki huwezi kuikaribia?" Chumba walichokuwa wakilala kimefungwa, yeye analala sebuleni. Barabara inayopita hospitalini haipiti, hata akichelewa. Wakati huohuo simu ya mkewe anaichaji kila usiku. Usishangae kuona kukwepa na kung'ang'ania kwa mtu mmoja, kwani vyote viwili vinaufukuza ukweli kwamba amekwenda. Kujitenga kwa sonona hakuchagui hivyo: mtu haendi kokote kwa sababu nguvu na hamu vimeisha, si kwa sababu mahali fulani panauma.

Kuna swali moja ninalolitumia kwa tahadhari, baada ya mgonjwa kunizoea: "Kama angekuwa hai leo, ni nini katika hali yako kingebaki kibaya?" Si kipimo rasmi, na mwingine litamliza. Lakini mwenye majonzi yaliyorefuka hujibu bila kusita kwamba kila kitu kingerudi sawa. Mwenye sonona huweza kusema kwamba hata hivyo angebaki mtu asiyefaa, au kwamba hali hii ilianza kabla ya msiba. Jibu hilo la mwisho lifuate kwa swali la historia: amewahi kupata vipindi vya namna hii kabla ya kufiwa? Na kabla ya kugusa dozi yoyote, uliza pia kama amewahi kupitia siku za kuchangamka kupita kiasi bila kuhitaji usingizi.

Swali la kujiua lina mtego wake. Vitabu hufundisha kwamba mfiwa hutamani kumfuata marehemu, ilhali mwenye sonona huona hastahili kuishi. Tofauti hiyo ni ya kweli na inasaidia kutambua ugonjwa, lakini haikuambii nani yuko salama. "Natamani kuwa naye" inaweza kuwa maneno ya mtu anayelia, au ya mtu aliyekwisha kuandaa njia. Uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua? Kwa namna gani? Nini kimekuzuia mpaka leo?" Jibu likionyesha mpango au maandalizi, usalama wake unatangulia, na mjadala wa jina la ugonjwa usubiri.

Wapo wanaoupinga utenganishaji huu, na hoja zao si nyepesi. Wa kwanza wanasema tunakifanya kifo cha mpendwa kuwa ugonjwa, na kwamba mipaka ya muda yenyewe inaonyesha hatuna uhakika: ICD-11 inataka angalau miezi 6, DSM-5-TR inataka miezi 12 kwa watu wazima na 6 kwa watoto. Mtu yuleyule katika mwezi wa nane ni mgonjwa kwa kitabu kimoja na si mgonjwa kwa kingine. Nakubali kwamba kalenda haina uwezo wa kutambua ugonjwa. Mfiwa anayelia kila jioni lakini anafanya kazi, anaongea na watu na uchungu wake unapungua kidogo kidogo, hahitaji jina lolote hata miezi 16 ikipita. Ninachokitafuta ni mwendo: je, mwezi huu unatofautiana na mwezi wa nne? Kwa mgonjwa wetu jibu ni hapana, na hapo hoja ya kumwacha apone kwa muda inadhoofika.

Wa pili wanasema tofauti yenyewe ni ya wasomi. Magonjwa haya huambatana mno, wahudumu ni wachache, basi tibu sonona na mengine yatafuata. Hoja hii ningeikubali kama tiba ya sonona ingeyatoa majonzi. Imejaribiwa. Katherine Shear wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu 395 waliogawanywa katika makundi manne: sitalopramu, dawa bandia, na kila moja ya hizo pamoja na tiba maalumu ya majonzi. Waliopata tiba maalumu na dawa bandia walipata nafuu kwa asilimia 82.5, waliopata dawa bandia bila tiba hiyo asilimia 54.8. Kuwaongezea sitalopramu waliokuwa kwenye tiba hakukuongeza nafuu ya majonzi kwa kiasi cha maana. Lakini dalili za sonona zilipungua zaidi pale dawa ilipoongezwa kwenye tiba. Hata tiba ya mazungumzo ya sonona haikufua dafu: katika utafiti wa awali wa timu hiyo, mwaka 2005, walioitikia tiba maalumu walikuwa asilimia 51, na waliopewa tiba ya mahusiano, inayotumika sana kwa sonona, asilimia 28.

Matokeo hayo ndiyo yanayonifanya niutetee utenganishaji. Tazama pia kwamba yanakataza kosa la upande wa pili, ambalo nalo naliona: daktari akishasikia msiba, anasema "haya ni majonzi" na sonona inabaki bila dawa. Mfiwa asiyeweza kuamka kitandani hawezi kufanya kazi ngumu ya tiba ya majonzi.

Na kazi hiyo kweli ni ngumu. Ni vikao kama 16, kimoja kwa wiki. Mgonjwa husimulia, macho yakiwa yamefumba, namna alivyopata habari ya kifo. Simulizi hurekodiwa na huisikiliza nyumbani kati ya vikao. Kwa mgonjwa wetu ni simu ya alfajiri ile, mara nyingi kadiri inavyohitajika mpaka aweze kuisimulia bila kukatika. Sambamba na hilo anasogelea anachokikwepa kwa hatua ndogo: mlango wa chumba ufunguliwe mchana, kisha akae humo dakika kumi, barabara ya hospitali baadaye. Kuna mazungumzo ya kuwaziwa na marehemu, ambamo lawama ya usiku ule inapata pa kusemewa. Na tangu mwanzo anaulizwa: "Kama majonzi yangekuwa mepesi kidogo, ungependa kufanya nini?" Simu usimnyang'anye, wala usiifanye mtihani. Watu hupona wakiwa bado wanatunza kitu cha marehemu.

Hatari iliyopo ni kuanza kusimulia kisha kikao kikaisha katikati ya uchungu. Mhudumu asiyefunzwa asiige sehemu hiyo. Anaweza kuanza na hatua ndogo za kusogelea, malengo, na kumleta ndugu mmoja kwenye kikao ili aelewe kinachoendelea.

Kwa hiyo wiki hii pitia upya zile dalili tisa za sonona. Zikiwa zimebaki moja au mbili hafifu, acha miligramu 20 kama zilivyo, endelea nazo kwa miezi 6 au zaidi tangu sonona ipungue, na mpange kwenye tiba ya majonzi. Ikionekana bado zimebaki tano, kuongeza dozi ni halali, nawe mweleze kwamba inaongezwa kwa ajili ya sonona, ili asije akadhani dawa imeshindwa kwa sababu bado anamkumbuka mkewe. Dozi isizidi miligramu 40, na akishapita miaka 60 isizidi 20, kwa sababu ya mapigo ya moyo. Akirudi, anza na swali la chumba.