Meseji ya ofa ya vocha wikiendi ya Pasaka: herufi 160 zinatosha, ukiziheshimu

Nyie mnaouza vocha mtaani na kutumia wateja meseji za ofa kila sikukuu, naomba tuongee, maana hizi meseji nyingi zinakula hela yenu na mteja akishasoma bado hajui anapewa nini. Chukua hii, ni ya aina tunayoipata sana:

"Wapendwa wateja wetu, tunawatakia Pasaka njema yenye furaha na amani tele. Wikiendi hii nunua vocha kwetu upate ofa kabambe! Ng’ara na sisi!"

Ukihesabu pamoja na nafasi ni herufi 140, so mtu anasema niko chini ya 160, ni meseji moja hiyo. Siyo moja, ni tatu. Angalia hiyo Ng’ara, ile alama ya juu imepinda, ndo ile ambayo Word na baadhi ya simu zinaiweka zenyewe badala ya ile iliyonyooka ('). Iliyopinda haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS, na ikiingia moja tu basi meseji nzima inahamia mfumo mwingine ambao mwisho wake ni herufi 70, sio 160 tena. Ukizidi 70 inakatwa vipande vya 67, kwa sababu sehemu ya kila kipande inatumika kuviunganisha kwenye simu ya mteja. Vipande viwili vinabeba 134, wewe una 140, kwa hiyo cha tatu umekilipia kwa ajili ya herufi sita. Kama una wateja 400 na unatuma kwa huduma ya meseji za jumla inayochaji kila kipande, umelipia vipande 1,200. Emoji nazo ni hivyohivyo. Kujua ni rahisi, kwenye simu nyingi kuna kale kahesabu pembeni ya sehemu ya kuandikia, ukiona kameporomoka ghafla ujue kuna alama imeingia, itafute uitoe.

Ila hata ukinyoosha hiyo alama, meseji yenyewe haisemi kitu. Ofa kabambe ni shilingi ngapi? Na wikiendi ya Pasaka inaisha lini, maana kuna Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, sasa mteja akija Jumatatu jioni ukamwambia ofa iliisha jana mnagombana bure na yeye ana haki kabisa. Kibaya zaidi ni "leo tu". SMS haiendi moja kwa moja kwa mteja, inapita kwenye kituo cha mtandao, na simu ikiwa imezimwa au iko kijijini hakuna netiweki inasubiri huko, watu wengi Pasaka wameenda kwao, mtu anawasha simu Jumanne anakuta "leo tu" anakuja mbio dukani. Weka tarehe na saa, full stop.

Mimi ningeandika hivi kwa Pasaka ya 2026, jina la duka ni la mfano tu:

"DUKA LA STENDI: Pasaka njema. Vocha ya 5000 unaongezewa 200. Mwisho J3 6/4 saa 4 usiku. Mara 1 kwa namba. Lipa namba ileile, tuma namba ya kurushiwa."

Hiyo ni 149, kipande kimoja, na salamu imo. Jina la duka nimelitanguliza kwa makusudi, na namba mpya ya kulipia sijaweka kwa makusudi pia, kwa sababu watu wamechoka na matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii", meseji yoyote inayokuja na namba ngeni na neno tuma inafutwa kabla haijasomwa mpaka mwisho, na mimi nawaunga mkono wanaofuta. Mteja wako lipa namba yako anaijua, mrudishe hukohuko.

Hiyo 200 juu ya 5,000 ni asilimia 4, ilinganishe na kamisheni unayopata kabla hujaahidi, na hiyo mara 1 kwa namba usiitoe hata ukibanwa na nafasi, bora uifute salamu, maana bila hiyo mtu mmoja anakuja na elfu tano tano mpaka faida ya wiki inaisha.

Tuma Alhamisi jioni, watu bado wako mjini na simu zina chaji, na wewe floti umeshajaza mapema maana Ijumaa na Jumatatu benki zimefungwa. Floti ikikata Jumamosi mchana na meseji inasema mpaka Jumatatu saa 4 usiku, waliokwisha lipa utawarushia nini?