Kichwa cha makala: kiseme matokeo au kiseme kilichopimwa?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti amepima damu ya wajawazito kliniki za Muheza, akawauliza kama wanameza vidonge vya madini chuma. Wanaomeza wana damu nzuri zaidi. Anaandika kichwa: "Vidonge vya madini chuma huzuia upungufu wa damu kwa wajawazito."

Wanaokitetea wana hoja. Anayepitia orodha ndefu ya makala husoma vichwa tu, na hiki kinampa jibu papo hapo. Tatizo ni neno "huzuia". Kila mama alipimwa mara moja. Huenda wanaomeza vidonge ndio wanaowahi kliniki na kula vizuri, hivyo huwezi kujua kipi kilisababisha kipi. (Kliniki vidonge hivyo huitwa "vya kuongeza damu": jina lenyewe limeshatoa hukumu.) Mimi ningeandika: "Matumizi ya vidonge vya madini chuma na upungufu wa damu kwa wajawazito wilayani Muheza, Tanzania: utafiti wa kupima mara moja." Hakivutii, lakini hakidai kisichopimwa.

Kuna wanaosema kutaja mahali kunamfukuza msomaji wa mbali. Labda. Lakini anayekusanya tafiti za nchi nzima huandika Tanzania, haandiki Muheza, kwa hiyo jina la wilaya peke yake halimsaidii.

Kwenye maneno msingi, ushauri wa kawaida ni usirudie yaliyo kwenye kichwa. Ni sawa, ila nafasi iliyobaki itumike kwa akili. Makala zetu nyingi huandikwa Kiingereza, na upungufu wa damu una tahajia mbili. Ukiandika neno tupu kwenye PubMed, mfumo wenyewe hutafuta zote mbili. Ukibandika alama ya [tiab], msaada huo unakatika, na wanaofanya mapitio ya kina huitumia sana. Mwangalifu huandika hivi:

```
(anemia[tiab] OR anaemia[tiab]) AND Tanzania[tiab]
```

Wengine huandika tahajia moja tu. Kwa kuwa [tiab] husoma kichwa, ikisiri na maneno msingi ya mwandishi, weka anaemia kwenye kichwa na anemia kwenye maneno msingi. Utapatikana kwa vyovyote. Vivyo hivyo, antenatal care ikiwa kwenye ikisiri, ongeza Prenatal Care, jina linalotumiwa na orodha ya MeSH.

Kichwa kifupi cha juu ya kurasa ndiko makosa hurudi kimyakimya. Majarida mengi hutoa herufi 40 hivi, nafasi zikihesabiwa, na mwandishi akibanwa hukata maneno ya tahadhari kwanza. "Vidonge vya chuma huzuia upungufu wa damu" ni herufi 41, na dai tulilolitoa mlangoni limeingilia dirishani. "Upungufu wa damu kwa wajawazito, Muheza" ni 39. Vidonge vimepotea, ndiyo, lakini hakuna lililopotoshwa, na kwa nafasi finyu hivyo ningekubali hasara hiyo.