Kanuni za bao hazikai ukutani

Wanaoandaa maonyesho ya michezo ya kijijini hufika mapema kwenye ubishi mmoja. Baadhi hutaka kanuni za kila mchezo ziandikwe kikamilifu ukutani, ili mgeni wa rika lolote asome na aelewe. Wengine husema ukuta uachwe karibu mtupu, mgeni apewe ubao, kete na maneno machache ya kumwanzisha. Kundi hili la pili hulaumiwa kwamba linapunguza uzito wa mchezo na kuwafanya wageni wote kuwa watoto. Naona lawama hiyo haiwatendei haki, na mchezo unaodhihirisha hivyo kuliko mingine yote ni bao.

Mdako unaelezeka kwa picha mbili. Rede inahitaji sentensi tatu au nne. Bao la Kiswahili ni jambo jingine kabisa. Mashimo ni 32, safu nne za mashimo manane, na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita ndani ya shimo liitwalo nyumba, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wake wa kulia. Kete 22 zinabaki mkononi, naye huziingiza moja moja katika hatua ya namua, mpaka ziishe na mchezo uingie hatua ya pili, mtaji. Hapo hujasema bado nyumba inalindwa vipi, lini inaruhusiwa kuvunjwa, lini mtu analazimika kutakata, yaani kusogeza kete zake tu, badala ya kula za mwenzake, na kete zilizoliwa zinaanzia kichwa kipi, yaani ncha ipi ya safu ya mbele. Ukiyaandika hayo yote kwa uaminifu unapata kurasa kadhaa. Mtu aliyesimama mbele ya ukuta, mkono mmoja umemshika mtoto anayetaka kwenda mbele, husoma maneno mia moja ukibahatika.

Wanaotaka kanuni zote husema: basi tuzifupishe. Hapa ndipo kosa linapozaliwa. Kanuni ya bao iliyofupishwa inageuka kuwa kanuni ya uongo, kwa sababu uzito wa mchezo umo ndani ya masharti madogo madogo, nayo ndiyo yanayokatwa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizingatiwa inavyostahili. Utazame tena mpangilio wa kuanzia. Nyumba ya kila mchezaji ni shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwake. Wachezaji wanakaa wakitazamana, kwa hiyo mashimo matatu yenye kete ya huyu yanaangaliana na mashimo matupu ya yule. Hakuna kete iliyokabiliana na kete. Maana yake, anayeanza bao la Kiswahili hawezi kula. Analazimika kutakata tu, asogeze kete ajipange. Mjuzi anaiona raha iliyomo katika kujipanga huko. Mgeni aliyesoma maneno mia tatu, akaweka kete yake ya kwanza, akaona hakuna kilichotokea, anainuka. Ukimwangalia utadhani amechoka kusoma, lakini kilichomwinua ni kwamba jitihada yake haikujibiwa na ubao.

Wenye bao walikwisha kulijua tatizo hili kabla ya makumbusho yoyote. Ndiyo sababu lipo bao la kujifunza. Kete zote 64 zinawekwa ubaoni tangu mwanzo, mbili katika kila shimo. Hakuna kete za mkononi, hakuna namua, hakuna nyumba. Anayesema kwamba kuanza na hatua nyepesi ni kuudhalilisha mchezo anasahau kwamba hatua hiyo nyepesi ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Tujaribu mezani. Panga mbili mbili, kisha tia rangi shimo la nne kutoka kushoto katika safu ya mbele ya mchezaji. Mgeni anachota kete mbili za shimo hilo na kuzitembeza kuelekea kulia. Ya mwisho inaangukia shimo la sita, ambalo lina kete, na mbele yake kwa mwenzake kuna kete mbili. Amekula. Anazichukua mbili hizo na kuanzia kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho la safu yake ya mbele upande huo. Ya mwisho sasa inaangukia shimo la pili, na mbele yake kuna kete mbili nyingine. Amekula tena. Akiendelea kwa kanuni ileile, kete zake zinazunguka safu yake yote ya nyuma, zinarudi mbele, na anakula mara ya tatu. Yote hayo ni katika zamu moja, ya kwanza maishani mwake. Kufikia hapo hana haja ya kuambiwa na mtu yeyote kwa nini watu wazima hukaa juani alasiri nzima wakiinamia ubao.

Maandishi ya kumfikisha hapo ni haya tu, yakiwa mezani kando ya ubao na si ukutani:

Chota kete zote za shimo jekundu.
Zitembeze kulia, moja kila shimo.
Ya mwisho imeangukia penye kete?
Mtazame mwenzako: mbele yake pana kete?
Umekula. Zichukue, anza penye mshale.
Hapana cha kula? Chota za shimo hilo, endelea.
Imeangukia patupu? Lala, zamu ya mwenzako.

Mistari saba. Kila mstari unakwisha pale pumzi inapokwisha, na hilo ni la makusudi. Katika miaka ya 1980 mwandishi Margareta Ekarv aliandika maelezo ya Makumbusho ya Posta ya Sweden kwa njia hii: mistari mifupi isiyozidi herufi 45 hivi, wazo moja kwa mstari, maneno yasomeke kwa sauti bila kujikwaa. Watu wengi walidhani njia hiyo ni ya watoto au ya wasiosoma vizuri, lakini inamfaa mtu mzima aliyesimama kuliko aya nzito. Kwa bao inafaa zaidi, kwa kuwa mkono unatembea wakati jicho linasoma, na jicho likiinuka kutazama kete lazima lirudi na kukuta mahali lilipoachia. Mshale uliochorwa penye kichwa, nao, umeondoa sentensi nzima kuhusu mwelekeo. Mistari hii inamtosha mchezaji kwa mzunguko mmoja au miwili, si kwa mchezo mzima, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa niwape wapinzani haki yao, kwa kuwa wanayo. Hoja yao iliyo nzito inahusu mzee anayelijua bao, anayeingia na kukuta kete mbili mbili. Atasema hilo ni la kujifunzia, na atakuwa amesema kweli. Maonyesho yanayomwonyesha mlango tu, bila nyumba iliyo nyuma yake, yamemdanganya yeye na yamemdanganya mjukuu wake pia, ambaye ataondoka akiamini ameliona bao lote.

Jibu langu ni meza ya pili. Iwekwe hatua chache kutoka ya kwanza, ubao ukiwa umepangwa kwa namua: sita, mbili, mbili, na kete 22 kwa kila upande ndani ya bakuli. Meza hii isiwe na kanuni hata moja. Iwe na majina tu, yameandikwa penye mashimo yenyewe: nyumba, kichwa, kimbi. Anayejua hahitaji kanuni. Asiyejua ataona maneno asiyoyafahamu na atauliza, na mara nyingi anayeulizwa ni mtu mzima aliyesimama kando yake. Maandishi ya mzee kwenye maonyesho ni yale yanayompa cha kueleza. Ukiandika kila kitu umemnyang'anya kazi hiyo, akabaki mtazamaji wa jambo analolijua kuliko ukuta.

Hoja yao ya pili ni kwamba kisichoandikwa hupotea. Hapa nakubaliana nao, ila si kuhusu mahali. Kanuni kamili ziandikwe katika kijitabu cha kuchukuliwa au kukaliwa nacho kitini, na zirekodiwe wajuzi wakicheza huku wakieleza. Ukutani kuna hatari ambayo kijitabu hakina. Kanuni za bao hazifanani kila mahali, hasa zile za nyumba, na ukuta hauna namna ya kusema “huku kwetu”. Kanuni zikiandikwa hapo kwa herufi kubwa chini ya taa, zinasomwa kama hukumu, na mchezaji wa mahali pengine anaambiwa kwamba amekuwa akikosea maisha yake yote. Kijitabu kinaweza kuweka namna mbili kwenye ukurasa mmoja na kutaja kila moja ilikosikika.

Meza za kuchezea zina gharama yake, na wanaozipigania wasiifiche. Kete hupotea. Zinaingia mifukoni, zinabingirika chini ya makabati. Bao lenye kete 61 haliendi sawa, na mgeni atadhani ameshindwa kuelewa. Kwenye meza ya kujifunza upungufu unajitangaza: panga mbili mbili, shimo litakalobaki na moja au tupu ndilo jibu. Mhudumu anaweza kufanya hivyo kila asubuhi kwa dakika tatu. Kwenye meza ya namua upungufu hujificha bakulini, hivyo pale lazima kuhesabu. Kuwe na kete za akiba za aina moja na zilizopo, kwa sababu kokoto ngeni ikichanganyika na komwe wageni huanza kuuliza ina thamani gani.

Tatizo zito zaidi ni mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kete ya komwe inaingia kinywani kwa urahisi na inaweza kumkaba. Kwa hiyo meza zote mbili ziwe za kimo cha kawaida, na sakafuni uwekwe ubao mwingine wenye mashimo mapana na vipande vya mbao vya upana usiopungua sentimita tano. Huko kusiwe na maandishi. Mtoto wa umri huo anachota na kumwaga, na kuchota na kumwaga ni nusu ya bao.

Kabla ya kuchapa chochote, andika mistari ile saba kwenye karatasi, ibandike mezani, ukae mbali utazame wageni ishirini. Usiwaulize kama wameelewa, watakuambia ndiyo. Tazama mikono. Mkono ukianza kusogea kabla jicho halijafika mstari wa tatu, maandishi yanafanya kazi. Mgeni akisoma mpaka mwisho kete zikiwa bado hazijaguswa, mstari wa kwanza ni mgumu. Wengi wakikwama penye mshale, tatizo ni mchoro, si maneno. Ukiona mtu anamshika mkono mwenzake na kumwambia “hapana, hiyo inaendelea”, nenda kachape.