"Nimemaindi" sio jina la hisia

Mimi ni stoo kipa kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar, na Jumatatu moja saa mbili asubuhi bosi alitupia meseji kwenye grupu la Watsapu la kazini: "Saruji mifuko 40 haionekani stoo. Nani anakula na nani?" Grupu lenyewe lina watu kumi na tisa, wakiwemo vijana wa kupakia ninaowasimamia mimi, na mtu wa stoo ni mmoja tu, mimi, kwahiyo hata jina halikuhitajika.

Masikio yalipata moto, taya zikakaza, na kidole kikaanza kuandika chenyewe. Niliandika aya nzima, tena ya ukweli mtupu, kuhusu miaka sita niliyokaa pale na siku ambazo nimefunga stoo saa mbili usiku bila ovataimu. Kilichonizuia kutuma ni gari la nondo lililoingia wakati huohuo, ikabidi niweke simu mfukoni nikahesabu.

Sasa huku nahesabu nondo najiambia nimemaindi, nimemaindi kinoma. Na hapa ndo ninapotaka kubishana na watu, maana sisi tumezoea maneno mawili matatu kwa kila kitu: nimemaindi, nimepaniki, nimechukia. Mtu aliyeonewa amemaindi, mwenye wivu amemaindi, aliyeogopa kufukuzwa kazi naye amemaindi. Ukishajiita umemaindi kazi inayobaki ni moja tu, kumjibu aliyekumaindisha. Wakati Kiswahili kimejaa majina: kuna hamaki ile ya ghafla inayokuja na kupita, kuna kinyongo kinachokaa, kuna fedheha, kuna uchungu, kuna fadhaa, kuna kijicho, na kila moja inataka dawa yake.

Nikageuza delivari noti ya nondo nikaandika nyuma yake kwa kalamu, "fedheha". Sio hasira. Angeniita pembeni akaniuliza maneno yaleyale nisingewaka hivo, kilichouma ni vijana wangu kusoma. Nikakaa nalo kidogo, nikaona bado kuna kitu tumboni kinachezacheza ambacho hilo neno halijakigusa, nikaandika la pili, "hofu". Hili sikulipenda kabisa, kwasababu lilikuwa kweli. Jumamosi mchana tulikuwa na haraka na sikuwa na uhakika kama kila kilichotoka nilikiingiza kwenye kompyuta.

Kuna utafiti wa mwaka 2007 wa wanasaikolojia wa kule Kalifonia, waliwaingiza watu 30 kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakawaonyesha sura za watu wenye hasira na woga. Mtu alipochagua neno la hisia anayoiona, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ilipoa kuliko alipochagua tu jina la kike au la kiume linaloendana na ile sura, na sehemu ya mbele upande wa kulia ikafanya kazi zaidi. Zile ni sura za kwenye skrini lakini, sio bosi wako, na mimi masikio hayakupoa hapohapo, yalichukua kama dakika kumi.

Ila faida niliyoiona mimi ilikuwa ni kujua nianzie wapi. Hofu ilinipeleka kwenye faili. Kompyuta inasema mifuko 212, sakafuni ipo 172, nikampigia dereva, karatasi ya mifuko 40 ya saiti ya mteja ilikuwa kwenye droo ya gari tangu Jumamosi na mimi nilimruhusu atoke bila kuniachia kopi. Kosa langu lile. Hebu fikiria ile aya ningekuwa nimeshaituma.

Fedheha nayo ikanipeleka ofisini kwa bosi, mlango umefungwa. Nikamwambia, "Bosi, mifuko imepatikana, karatasi ilibaki kwenye gari na nilipaswa kuichukua. Ila ile meseji imenifedhehesha mbele ya vijana, ukiwa na shida na stoo naomba uniite." Sikumwambia "una hasira", hilo neno ukimpa mtu mwingine usoni unamwongezea moto, taja ya kwako tu. Akasema, "Aa, sikukulenga wewe bwana," akarudi kwenye simu yake. Samahani sikuipata.

Kwenye grupu akaandika "saruji imeonekana", basi. Alhamisi nikajikuta namsalimia bosi nusunusu, na nikijiuliza nina hasira bado? Hapana, hiki ni kinyongo sasa, na hiki kwenye delivari noti bado sijakiandika.