Kazi ya majaribio ya siku tano: uulize malipo au uombe ipunguzwe?

"Nimeomba kazi ya uprogramu kwenye kampuni moja hapa Mikocheni. Wamenipa jaribio la kufanyia nyumbani: mfumo mzima wa duka, wenye akaunti za watumiaji, stoo, malipo ya simu na ripoti, kwa siku tano. Nikiuliza kama wanalipa, au wapunguze, si watanitoa?"

Wanaweza kukutoa, sitakuficha. Hata hivyo ningeuliza, na ningeanza na ukubwa wa kazi kabla ya hela.

Mwajiri naye ana hoja. Vyeti vinafanana, wasifu wa kazi unaweza kuandikiwa na mtu mwingine, na wapo watu wazuri wanaokwama wakihojiwa ana kwa ana. Kumpa kila mmoja kazi ileile ni haki kuliko kuajiri kwa kujuana. Kampuni ndogo ikiwalipa waombaji kumi inaingia gharama, pamoja na makaratasi ya kodi.

Lakini piga hesabu. Akaunti nusu siku, stoo siku moja, malipo siku mbili kwa sababu ya kuhangaika na mazingira ya majaribio, ripoti nusu siku. Hizo ni siku nne kamili, na kama umeajiriwa una jioni tu, ukishatoka kwenye foleni ya Bagamoyo Road. Aliye na familia ya kulisha anaachwa nyuma na kijana anayelala kwao bila majukumu. Hapo wanapima nafasi ya mtu, si ujuzi wake.

Kipande kimoja kingetosha: kupokea taarifa ya malipo. Mtandao ukiyumba, taarifa ya muamala mmoja huweza kuja mara mbili, na programu iliyoandikwa kwa haraka itamwandikia mteja malipo mawili. Anayejua kazi ataifanya namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, kisha ataandika jaribio la kutuma taarifa hiyo mara mbili. Saa nne, na mkaguzi ameshakujua.

Kwa hiyo andika: "Habari za kazi. Nashukuru kwa nafasi. Kwa makadirio yangu kazi hii ni ya siku nne. Naomba niwasilishe sehemu ya malipo na majaribio yake, kwa saa nne hivi. Kama mnahitaji mfumo wote, je, kuna malipo? Utaratibu huu ungewafaa waombaji wote."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake: hutaki kupendelewa, maana wakikupunguzia peke yako hawataweza kukulinganisha na wenzako.

Swali la malipo linapata uzito zaidi kazi ikiwa na nembo ya mteja wao halisi, data zake, au agizo kwamba iwe tayari kutumika. Hilo si jaribio tena. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mwenye kazi ni aliyeiandika, na wewe bado si mwajiriwa wao. Uliza kwa maandishi msimbo utatumikaje usipochaguliwa. Wakikwepa swali hilo, mimi ningetuma kile kipande cha saa nne tu, na ukurasa mmoja wa kueleza sehemu zilizobaki ningezijengaje.