Cc ya bosi ni kuchongewa tu, tusidanganyane

Hivi nani alituambia cc ni nakala ya kupata taarifa tu? Zamani kwenye barua za serikali ukiona chini kabisa imeandikwa "Nakala: Mkurugenzi" ulijua moja kwa moja kwamba mambo yameshafika mbali, leo tumeipeleka ile ile kwenye imeili tukaifupisha herufi mbili halafu tunajifanya haiumi. Inauma! Aliyewekwa kwenye To ndo mwenye kazi, anatakiwa ajibu. Aliyewekwa kwenye Cc ni shahidi, hatakiwi kufanya kitu, anakaa pale aone nani kajibu na nani kajifanya hajaona. Sasa shahidi mwenyewe akiwa bosi wako si ushahidi tena hapo, hiyo ni kesi.

Chukua mfano huu wa tona ya printa. Nimemwandikia jamaa wa manunuzi kistaarabu, kaka habari za leo, printa ya huku juu imeisha wino naomba tona moja. Kimya. Nikakumbushia kimya. Nikampita kwenye ngazi tukasalimiana vizuri kabisa tukaongelea mpira, tona hajaigusa. Basi nikairudia imeili ile ile, sikubadilisha hata nukta, nikaongeza tu jina la bosi wetu kwenye Cc. Sijamaliza chai jibu limeshaingia, "Mpendwa, suala lako linashughulikiwa." Mpendwa! Jana nilikuwa mwanangu leo mpendwa. Ukiona mtu wa ofisini mnaotaniana naye amehama ghafla kwenye mwanangu akaja kwenye mpendwa, angalia juu pale kwenye Cc, utakuta mtu mzima kakaa.

Bosi mwenyewe wala hakuisoma naamini, maana watu wa ngazi zile wengi wametega kompyuta zao, chochote walichowekwa cc kinaenda folda yake huko kinalala. Ila jamaa hajui hilo, na mimi sitamwambia.

Sasa huyu jamaa naye akaipeleka kwa dada wa uhasibu, kichwa cha habari kikaanza na Fwd, na juu kaandika herufi tatu tu, FYI, yaani kwa taarifa yako. Hapo ndo palipoharibika. Watu wanaifanyia Fwd kama kumpa mtu gazeti vile, kumbe Fwd inabeba mzigo wote ulioko chini, kila mtu alichojibu tangu siku ya kwanza, na viambatanisho vyake vyote (ukijibu kawaida kiambatanisho kinabaki, uki-Fwd kinakwenda nacho, ndo maana watu wanatumiana mikataba ambayo haiwahusu). Dada wa uhasibu akaongeza swali lake akaipeleka mbele tena, safari hii nami nimo. Nikashusha chini taratibu nione wamefikia wapi na tona yangu, nikakuta katikati huko jamaa alishamwandikia mwenzake, "huyu mtu wa juu anasumbua sana na kiprinta chake." Kiprinta! Na chini yake mwenzake kajibu "mzungushe tu atachoka". Kwa hiyo ndugu zangu kabla hujabonyeza hiyo Fwd shusha mpaka chini kabisa usome, halafu futa kisichomhusu unayempelekea. Inaruhusiwa kufuta. Hakuna polisi.

Halafu kuna Bcc, hii ndo ya wanafiki. Aliyewekwa Bcc anaona kila kitu ila wengine hawamuoni, jina lake halitokei popote kwa wale wa To wala wa Cc. Yaani mnaongea wawili kumbe nyuma ya pazia kuna shangazi. Sasa uzuri wake, na hapa nacheka peke yangu, shangazi huwa anajisahau. Alikuwepo dada mmoja wa masijala aliwekwa Bcc kwenye imeili ya kumkanya mtu kuchelewa kazini, yeye badala ya kukaa kimya akabonyeza Reply all ili amjibu aliyemtumia, akaandika "hapo umempatia kweli kweli 😂". Reply all haijui siri, inapeleka kwa wote waliopo To na Cc. Kwa hiyo yule anayekanywa anaona imeili imeingia kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo, tena anacheka. Wiki nzima ofisi haikukalika. Ukitaka kweli mtu mwingine aone bila kujulikana, tuma kwanza imeili yako, halafu ingia kwenye zilizotumwa umpelekee yeye peke yake, akijibu, hata akijibu wote, jibu linarudi kwako.

Ila siitukani Bcc moja kwa moja, ina kazi yake halali. Unawaandikia wateja mia mbili mwaliko, ukiwapanga wote kwenye Cc umeshagawa anwani za watu bila ruhusa yao, na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sio mambo ya kuchezea. Na akitokea mmoja tu akajibu wote "naomba mniondoe kwenye orodha", mwingine anajibu wote "na mimi pia", wa tatu anajibu wote kuwaambia waache kujibu wote. Wenzetu Uingereza mwaka 2016 imeili moja ya majaribio ilikwenda kwa wafanyakazi wa afya zaidi ya laki nane, watu wakaanza kujibu wote, mtambo ukalemewa. Ungewaweka Bcc hao wateja wako mia mbili, anayejibu wote anakupata wewe tu, mnagombana wawili yanaisha.

FYI sina maneno mengi nayo, angalia tu imetoka wapi. Ikitoka juu maana yake fanya, na usiseme hujaambiwa ufanye. Ikitoka kwa mwenzako wa meza ya pili maana yake mzigo nimeutua kwako mimi simo. Ikitoka kwa mtu wa chini yako, huyo anatunza ushahidi, siku mambo yakiharibika ataitoa na tarehe yake.

Inayonimaliza mimi ni ASAP. Haraka iwezekanavyo, sawa, ya nani? Mwenye kuituma kichwani ana saa nane mchana, mimi kichwani nina keshokutwa, na wote tuko sahihi maana hamna saa iliyoandikwa. Andika tu "naihitaji leo kabla ya saa tisa alasiri, saa kumi naingia nayo kikaoni", nitaacha hata chakula nikufanyie. Lakini ASAP kwenye kila imeili, mpaka ya kuuliza funguo ya stoo iko kwa nani, mtu anazoea hashtuki tena. Ijumaa iliyopita saa kumi na moja kasoro, begi liko begani, inaingia "Naomba ripoti ile ASAP." Nikamjibu kwa heshima zote, mkuu unaihitaji saa ngapi hasa? Papo hapo ikarudi ile ya kujijibu yenyewe, eti yuko likizo mpaka Jumatano, na kwa jambo lolote la haraka tafadhali wasiliana na, halafu jina langu.